Makandi wa Mizani na Vidonge vya Mfukoni

Kwa miaka thelathini na mmoja, hakuna kilo ya kahawa iliyoingia katika faktori ile ya mteremkoni, nje kidogo ya Kanyakine, bila kupita mbele ya macho ya Makandi. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa mizani. Mkulima alitua gunia, Makandi akasubiri mshale utulie, akasoma, akaandika kwenye mstari wa namba ya mwanachama, kisha akasema kilo kwa sauti ili mwenyewe asikie na walio nyuma yake wasikie. Hakuwa mtu wa kuchezewa. Walikuwapo waliojaribu kuegemeza goti kwenye gunia lao kama watu waliochoka, na yeye aliwatazama tu, kalamu ikiwa hewani, mpaka goti lirudi lilikotoka. Wengine walimwita mkali. Mimi naona alikuwa mtu aliyependa kitu kiwe kile kilicho, basi, na watu wa namna hiyo huchosha kidogo mpaka siku unapowahitaji.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumchezea shere pale mizanini, na huyo alimwoa. Stephen Riungu, enzi hizo kijana mwembamba mwenye shati moja zuri, alikuwa na miti ya kahawa isiyofika mia, lakini msimu mmoja aliileta kahawa yake kana kwamba ana shamba la serikali. Alikuja asubuhi na debe moja. Akaja tena saa sita. Akaja saa tisa. Kila mara Makandi aliandika kwenye mstari uleule, na jioni akajumlisha. Riungu alipotokea kwa mara ya nne, na debe ambalo halikujaa hata nusu, Makandi alimwuliza kwa nini haleti zote kwa pamoja kama watu wengine.

"Kwani namba yangu imejaa?" Riungu aliuliza.

"Bado ina nafasi," alijibu Makandi, na inasemekana alitabasamu, ingawa wenzake wa faktorini hadi leo hawaamini.

Sasa ni mwaka wa tisa tangu Makandi astaafu. Ana ng'ombe mmoja, migomba, kibanda cha kuku, na mzee Riungu. Watoto wametawanyika na kazi. Joyline, kifungua mimba, anafundisha Runyenjes, na huyo ndiye anayekuja mara nyingi.

Shida ilianza mwezi wa Julai, majira ya ule ukungu unaoshuka mlimani na kukaa hadi saa tano. Jumanne moja mzee Riungu alikuwa anapanda mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, udongo ukateleza, akaketi chini kwa kishindo ambacho hakukipanga. Hakuvunjika. Lakini mgongo ulikaza hivi kwamba hata kuvaa soksi ilikuwa safari. Kesho yake walikwenda zahanati, akaguswa hapa na pale, akaambiwa ni misuli, apumzike, na akapewa paracetamol: vidonge viwili, mara tatu kwa siku.

Makandi alipofika nyumbani alivaa miwani, akasoma pakiti yote, nje na ndani, kama alivyosoma kila karatasi maishani mwake. Kila kidonge, miligramu 500. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane, yaani miligramu 4,000, ndani ya saa ishirini na nne. Akachukua daftari lake, kwa maana karani hastaafu na kalamu, akapiga hesabu. Viwili ni 1,000. Mara tatu ni 3,000. Chini ya elfu nne. Akapanga saa: saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku. Kila alipompa aliandika, na kila siku ilipoisha alijumlisha, na kila siku ilikuwa 3,000 kamili. Alilala usingizi wa mtu ambaye hesabu zake zimelingana.

Ila hesabu inaweza kulingana na bado ikawa si kweli. Makandi alilijua hilo kwenye kahawa, akalisahau kwa mumewe.

Kwao mtu akianguka, watu huja kumwona, na hawaji mikono mitupu. Kina mama wa kanisa walileta unga na sukari. Mwingine alileta kuku. Na siku hizi, kwa vile kila kijiji kina duka la dawa na kila mtu ana kiungo kinachomuuma, watu huleta pia dawa. Jumamosi ndiyo iliyoleta wageni wawili. Joyline alifika kutoka Runyenjes akamkuta babake, juu ya mgongo, ameshikwa na mafua, pua inatiririka na kichwa kinagonga. Mama yake alikuwa zizini anakamua. Joyline akatoa kwenye mkoba kapsuli za mafua alizonunua njiani, akamwekea babake mkononi.

"Baba, hizi ni nzuri sana. Moja asubuhi, moja mchana, moja usiku. Mimi zilinisaidia juzi."

Jioni hiyohiyo Mutembei, jirani na rafiki wa Riungu tangu shule ya msingi, alipanda ule mteremko na fimbo yake, Makandi akiwa jikoni. Mutembei mwenyewe ana mgongo mbovu. Alikuja na bamba la vidonge vya mgongo alivyonunuliwa na mwanawe, akaketi, akapumua kwanza, akasema, "Nimekula viwili nikaona ni dawa ya kweli. Nikasema ndugu yangu hawezi kuumwa na mimi nina hizi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni." Akalitoa lote, mgongo wake yeye akauachia Mungu.

Mzee Riungu ana tabia moja ambayo mkewe amepigana nayo karibu miaka arobaini bila kushinda: hawezi kukataa kitu alichopewa kwa mkono. Ukimpa chai ya pili ataimeza, hata kama tumbo limejaa ya kwanza. Alijua vizuri kwamba akimwonyesha Makandi dawa zile, Makandi atasema dawa ni moja, nyingine zirudi zilikotoka, na Joyline atarudi Runyenjes na uso umeanguka. Kwa hiyo alizitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Na kwa vile aliyepewa lazima atumie, alitumia. Jumapili alimeza za Makandi, akameza za Joyline, akameza za Mutembei. Jumatatu vivyo hivyo. Jumatatu jioni aliacha ugali mezani, akasema tumbo linamchafuka. Makandi akadhani ni mafua.

Jumanne asubuhi ukungu uliondoka mapema. Makandi alikuwa ameshatoboa vidonge viwili vya saa moja, ameviweka kwenye kisahani kando ya kikombe cha uji, ndipo akaona koti la mzee kwenye kiti, akasema walau leo nilianike jua lilipate. Alipolikung'uta, mfuko wa ndani ukalia kama karatasi. Akaingiza mkono, akatoa mabamba mawili ya dawa, yale ya kutobolewa kwa kidole gumba. Moja kijani, moja jekundu. Hakulijua hata moja.

"Baba Joyline," aliita, bila kupaza sauti. "Hizi ni nini?"

Mzee alikuwa ameketi kitandani ananyoosha mkono kuelekea kisahani. Aliyaona yale mabamba, akaurudisha mkono polepole.

"Hizo ni za watu," alisema.

"Watu gani?"

"Watu waliokuja kuniona."

Makandi alikwenda mlangoni penye mwanga, akavaa miwani. Herufi kubwa zilikuwa na majina tofauti, ya kupendeza, majina ya biashara. Akazipita. Akaenda kwenye zile ndogo za chini ambazo watu hawazisomi. Kwenye bamba la kijani, kapsuli za Joyline, kulikuwa na maneno matatu marefu, na la kwanza lilikuwa paracetamol, miligramu 500. Kwenye lile jekundu: diclofenac, miligramu 50. Na chini yake: paracetamol, miligramu 325.

Makandi wa mizani aliyaweka mabamba yote mawili pamoja kwenye kiganja kimoja. Ni kitu alichokuwa akikiona kila msimu. Mkulima mmoja analeta kahawa kwa gunia jeupe, mkewe analeta kwa gunia la bluu, mtoto anakuja na debe, na karani mgeni huandika watu watatu. Karani mzoefu anauliza namba, halafu anaandika zote kwenye mstari mmoja. Hapa namba ilikuwa moja. Gunia jeupe, gunia la kijani, gunia jekundu, na ndani yote ni paracetamol ileile inaingia katika mwili uleule.

Akarudi kitandani, akakichukua kile kisahani, akakiweka juu ya kabati asikokifikia mtu.

"Kwani si saa moja imefika?" mzee aliuliza.

"Imefika. Leo humezi kitu mpaka nijue umemeza nini. Umeanza hizi lini? Na usinidanganye, nimelala na wewe miaka arobaini."

"Jumapili."

"Leo je?"

"Leo bado. Huwa nameza nikimaliza uji."

Makandi alifungua daftari ukurasa mpya. Hakuuliza tena ngapi kwa siku. Alihesabu matundu. Kapsuli za kijani zilikuwa kumi, zimebaki nne, kwa hiyo sita zimekwenda: siku mbili, tatu kwa siku. Vidonge vyekundu vilikuwa kumi, vimebaki vinne, sita vimekwenda: siku mbili, vitatu kwa siku. Akaandika, na kwa vile alizoea kuandika jina la aliyeleta, aliandika hivi:

Makandi, 3,000.
Joyline, 500 mara tatu, 1,500.
Mutembei, 325 mara tatu, 975.
Jumla kwa siku, 5,475.

Alijumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, vile walivyofundishwa. Jumla haikupungua. Akaitoa ile elfu nne ya kwenye pakiti, ikabaki 1,475 ya ziada. Kila siku, siku mbili. Kisha akaona jina lake liko wapi kwenye orodha ile.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda hospitali."

"Mama Joyline, mimi si mgonjwa hivyo. Mgongo hata umepoa."

"Ndiyo, umepoa. Kwa hizi, ni nini kisingepoa?"

Pikipiki haikufaa kwa mgongo ule. Makandi alimpigia Nyamu, ambaye hubeba maziwa kwa gari lake la probox, naye alikuwa ndiyo kwanza ameshusha mitungi. Wakamlaza mzee kiti cha nyuma, kikiwa bado na harufu ya maziwa, na Makandi akakaa mbele na daftari mapajani, mabamba yote matatu yamefungwa kwenye leso. Njia nzima alizirudia namba zake kwa kidole. Nyamu alijaribu habari za mvua, akaona hajibiwi, akaacha.

Hospitalini walimkuta daktari kijana aitwaye Ednah, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Makandi alimwekea daftari mezani, akafungua leso, akapanga mabamba kwa mpangilio wa orodha. Daktari alisoma daftari. Akageuza bamba moja moja, akasoma herufi ndogo. Akalitazama tena daftari.

"Mama, wewe ni nesi?"

"Mimi ni karani wa mizani. Nilistaafu."

"Sawa. Umefanya nusu ya kazi yangu." Akamgeukia mzee. "Hii dawa si mbaya, mzee. Karibu kila nyumba inayo. Lakini ini ndilo linaloisafisha mwilini, na ini lina uwezo wake. Ukiupita, linaanza kuumia, na siku ya kwanza na ya pili mtu anaweza kuonekana mzima kabisa. Kwa hivyo hatuangalii macho, tunaangalia hesabu na damu. Kwanza nijue kilo zako."

Mizani ilikuwa pembeni ya mlango. Mzee Riungu alipanda taratibu, mkono mmoja ukutani.

"Toa mkono ukutani," alisema Makandi.

Daktari Ednah alitaka kusoma lakini Makandi alikuwa ameshainama. Alisubiri mshale utulie. "Hamsini na nane," alisema kwa sauti, kama zamani. Alijua huyu mtu alikuwa na kilo ngapi siku za shati moja zuri. Hakuwahi kumwona amepungua. Alikuwa akimwona kila siku, na mtu unayemwona kila siku hupungua bila kukuaga.

Daktari alipiga hesabu kwenye simu. "Elfu tano mia nne sabini na tano, gawanya kwa hamsini na nane. Ni kama tisini na nne kwa kila kilo, kwa siku. Mtu akipita sabini na tano hatumwachi aende nyumbani bila kupimwa." Akasita, kalamu kwenye lile bamba jekundu. "Mzee, hivi vyekundu umeambiwa umeze mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na matundu ni sita. Siku mbili, mara mbili, ni nne."

Mzee Riungu alitazama chini. Makandi alimtazama yeye. Ndipo mzee akasema, kwa shida, kama mtu anayemshtaki rafiki, "Mutembei alisema alikuwa amekula viwili."

Makandi hakuandika kitu cha kusikia bila kuthibitisha. Alimpigia Mutembei palepale. "Mutembei, zile dawa ulizompa mzee, zilikuwa na matundu mangapi?" Upande wa pili sauti ikasema mawili, ya Ijumaa, kwani kuna nini? "Nitakwambia jioni," alisema Makandi. "Usimeze kitu kingine kama hicho pamoja na panadol, unasikia? Zina kitu kimoja ndani." Akakata, akafuta 975, akaandika 650. Jumla mpya, 5,150. Daktari akagawanya tena, ikaja themanini na nane na ushei.

"Imepungua," alisema mzee kwa matumaini.

"Imepungua, lakini bado iko juu ya sabini na tano," alisema daktari. "Tutatoa damu sasa, na tena kesho asubuhi. Ini likiwa limeguswa tuna dawa ya kulikinga, na mmekuja mapema. Mpaka hapo, hakuna paracetamol. Na hii diclofenac, mzee, kwa umri wako na hilo tumbo linalochafuka, tuiache kabisa."

Wakampa kitanda karibu na dirisha. Kufikia saa saba, vile vidonge vya jana vilikuwa vimekwisha nguvu, na mgongo ukarudi kudai haki yake. Mzee alijikunja. Hakulia, lakini mkono wake ulishika chuma cha kitanda bila kuachia. Makandi aliomba maji ya moto kwa muuguzi, akaloweka taulo, akalikamua, akamwekea kiunoni. Likipoa analoweka tena. Taulo, maji, taulo. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa, na hilo lilimuuma kuliko alivyofikiri.

"Kwa nini ulinificha?" aliuliza hatimaye, mkono ukiwa bado juu ya taulo.

Mzee alikuwa amegeukia ukuta. "Joyline alitoka Runyenjes na baridi ile. Alinishika mkono akaniwekea. Ningemwambia nini, rudisha? Na Mutembei alipanda na fimbo. Ile dawa ni yake, Mama Joyline. Leo yeye ndiye anaumwa." Akapumua. "Niliona kila mmoja ameleta kidogo. Kidogo tu. Nikasema kidogo cha mtu anayekupenda hakiwezi kukuua."

Makandi alitaka kumgombeza, maneno yalikuwa yamejipanga, kisha akashindwa. Aliliinua taulo lililopoa, akaegemeza paji la uso wake kwenye ule mgongo uliokonda, hapohapo wodini, mbele ya watu, yeye ambaye hajawahi kushikwa mkono barabarani. Alilia kidogo. Mzee alipapasa nyuma bila kugeuka, akapata kichwa chake, akaacha mkono pale.

"Nilikuwa naandika elfu tatu kila siku," alisema Makandi. "Naandika, nafunga daftari, nalala. Na wewe unaondoka polepole na mimi nasema hesabu iko sawa."

"Hukuzijua za mfukoni."

"Ndiyo. Na wewe hukuniambia."

"Sikukuambia," alikubali mzee.

Saa tisa na nusu daktari Ednah alirudi na karatasi. Ini lilikuwa katika kiwango chake. Alisema wasifurahi mno mpaka ya kesho, lakini alitabasamu alipokuwa akisema, na Makandi, ambaye husoma nyuso kama anavyosoma mishale, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Joyline asijue," alisema mzee daktari alipoondoka. "Tafadhali. Atajilaumu maisha yake yote."

Hapo Makandi alikuwa na kazi ngumu kuliko hesabu. Alijua mtoto wake. Alijua pia kwamba nyumba ile itaugua tena, na Joyline atakuja tena na mkoba wake, na ukimficha mtu kosa umemwacha nalo mkononi.

Joyline alifika Jumatano saa tatu asubuhi, kwa maana Nyamu hana siri, akakuta damu ya pili imeshatoka na majibu yake ndiyo yanasomwa: yako sawa, kama ya jana. Mzee anaruhusiwa kwenda nyumbani. Daktari alimweleza Makandi, na Makandi akaandika. Kuanzia adhuhuri, maumivu yakimzidi, paracetamol ya zahanati peke yake, viwili kwa mara moja. Asirudie kabla ya muda wa saa sita kupita. Zisizidi mara tatu, elfu tatu kwa siku. "Ile elfu nne ya kwenye pakiti ni ukuta," alisema daktari. "Kwa mzee wa kilo hamsini na nane, tusiufikie. Na dawa yoyote ya mafua au ya mgongo, soma kwanza herufi ndogo."

Joyline alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. "Mami, ni nini kilitokea? Nyamu anasema ni dawa. Dawa gani?"

Mzee alifumba macho. Makandi alifungua daftari kwenye ule ukurasa, akampa. Hakueleza. Joyline alisoma kama walimu wanavyosoma, kwa kidole. Alifika kwenye jina lake, kidole kikasimama.

"Mimi ndiye," alisema.

"Soma kutoka juu," alisema mama yake.

"Mami, nilimpa mwenyewe, sikuangalia hata—"

"Joyline. Wa kwanza hapo ni nani?"

Joyline alitazama. "Ni wewe."

"Ngapi?"

"Elfu tatu."

"Yako?"

"Elfu moja mia tano."

"Basi," alisema Makandi. "Mimi ndiye niliyeleta gunia zito. Wewe na Mutembei mmeongezea juu. Hakuna aliyeleta kitu kibaya. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuandika zote kwenye mstari mmoja, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Kuanzia leo, anayeleta dawa katika nyumba yangu analeta kwangu, nasoma, naandika, ndipo inaingia kinywani. Hata kama ni wewe. Hata akiwa askofu."

Joyline alicheka na kulia kwa pamoja, akaenda kumkumbatia babake kwa uangalifu, kwa sababu ya mgongo. Mzee alifumbua jicho moja kuona kama hatari imepita.

Walirudi nyumbani na probox ileile. Jioni Mutembei alipanda mteremko na fimbo yake, uso umesawijika kwa aibu. Makandi alimpa kiti, akampa chai, akamrudishia vile vidonge vyake vinne. "Ukikaa na hivi, usichanganye. Wewe una kilo ngapi?" alimuuliza, na Mutembei, aliyemjua tangu faktorini, akavuta tumbo ndani bila kujua sababu.

Alipoondoka, mzee Riungu alikuwa kitandani, ameegemea mito miwili. Mchana alikuwa amemeza vya kwanza. Mgongo ulikuwa unaanza tena, ilionekana kwa jinsi alivyokuwa akitafuta mahali pa kuweka miguu. Makandi alitazama saa ya ukutani, akatazama daftari. Saa sita zilikuwa zimepita na dakika kumi. Akakishusha kile kisahani kutoka juu ya kabati, vile viwili vya jana vikiwa bado juu yake, akamshikia kikombe cha maji.

Mzee alimeza. Makandi akavaa miwani, akaandika 1,000 chini ya ile 1,000 ya mchana, akajumlisha kutoka juu, akajumlisha kutoka chini.

"Nimefika ngapi?" mzee aliuliza.

"Elfu mbili."

Riungu akauliza, macho yakiwa kwenye dari, kwa sauti ya kijana fulani mwenye debe lisilojaa hata nusu. "Kwani namba yangu imejaa?"

Makandi alivua miwani. Ilimbidi aipanguse kwanza kwa ncha ya leso, maana hakuwa anaona vizuri.

"Bado ina nafasi," alisema.